Kukokotoa CRC-32 ya mfuatano wa herufi: cksum, gzip, Python au PHP?

Kila picha ya PNG iliyohifadhiwa kikamilifu huishia kwa baiti nne zilezile: AE 42 60 82. Iwe ni picha ya harusi au mchoro wa ramani, kubwa au ndogo, mwisho wake haubadiliki, kwa sababu baiti hizo ni CRC-32, yaani namba ya uhakiki, ya herufi nne, IEND, zinazotangaza kwamba picha imekwisha. Muundo wa PNG unataka kila kipande cha faili kifuatwe na CRC-32 ya jina la kipande pamoja na data yake, na kwa kuwa kipande cha IEND hakina data yoyote, kinachokokotolewa ni jina peke yake. Msomaji mwenye kompyuta ya Linux au Mac anaweza kujionea mwenyewe:

```
tail -c 12 picha.png | od -An -tx1
```

Amri hiyo hutoa `00 00 00 00 49 45 4e 44 ae 42 60 82`. Sufuri nne za mwanzo ni urefu wa data, 49 45 4e 44 ni herufi I, E, N na D, na zinazosalia ni namba ya uhakiki. Nimeichagua IEND iwe mfano wa makala haya kwa sababu ni mfuatano mfupi wa herufi wenye thamani iliyotangazwa hadharani, ambayo mtu hahitaji kumwamini yeyote ili kuipata.

Swali ninalolijibu ni hili: mtu akiwa na mfuatano wa herufi mkononi na thamani ya CRC-32 iliyochapishwa mahali fulani, atumie kifaa gani kukokotoa yake ili alinganishe? Vifaa vinavyopatikana kwa urahisi ni amri ya cksum, amri ya gzip, maktaba ya zlib ndani ya Python, na kazi za PHP. Vyote vinne husemwa kuwa vinakokotoa CRC ya biti 32, na vyote vinasema kweli, lakini havitoi jibu moja.

Tofauti hiyo haitokani na hitilafu. CRC-32 si kanuni moja, bali ni ukoo wa kanuni zinazogawanya ujumbe kwa polinomia fulani na kubakiza salio la biti 32. Ndugu katika ukoo huo hutofautiana kwa mambo manne: polinomia inayotumika, thamani ambayo hesabu inaanzia, upande ambao biti za kila baiti husomwa, na kama jibu la mwisho hugeuzwa biti zake zote au la. Kubadilisha moja tu kati ya hayo hubadilisha jibu lote, na kwa kawaida namba mbili zinazotoka hazifanani hata kidogo, kiasi kwamba mtu hawezi kuziangalia akakisia kuwa ni za jamaa wa karibu. Kanuni iliyo ndani ya PNG, zip, gzip na Etherneti hutumia polinomia 04C11DB7, huanza na biti zote zikiwa moja, husoma biti ndogo kwanza, na hugeuza jibu mwishoni. Anayesema CRC-32 bila kuongeza neno, mara nyingi sana huikusudia hiyo.

Ili kuwatambua ndugu hawa, wanaofanya kazi hii hutumia ujumbe mmoja wa majaribio, yaani tarakimu 123456789 zikiandikwa kama herufi tisa. Kila kanuni ina jibu lake linalojulikana kwa ujumbe huo, na jibu la kanuni ya PNG na zip ni CBF43926. Haya ndiyo yanayotoka katika vifaa vyetu:

| Kifaa | Jibu kwa 123456789 | Ni kanuni ya zip na PNG? |
|---|---|---|
| `cksum` | 930766865 | Hapana |
| `gzip`, baiti za mwisho | 26 39 f4 cb | Ndiyo, ikisomwa kinyumenyume |
| Python, `zlib.crc32` | 3421780262 | Ndiyo, kwa desimali |
| PHP, `hash('crc32', ...)` | 181989fc | Hapana |
| PHP, `hash('crc32b', ...)` | cbf43926 | Ndiyo |

Nianze na cksum, kwa kuwa ndiyo inayowapoteza watu wengi zaidi. Ipo karibu katika kila mfumo wa jamii ya Unix, jina lake linafanana na kazi tunayoitafuta, na mwongozo wake wenyewe unataja CRC. Polinomia yake pia ni ileile, 04C11DB7. Hata hivyo huanza na sufuri badala ya moja, husoma biti kubwa kwanza, na baada ya kumaliza ujumbe huongeza urefu wa ujumbe ndani ya hesabu kabla ya kugeuza jibu. Jibu lake hutoka kwa desimali, na hata likigeuzwa kuwa heksadesimali ni 377A6011, wala si CBF43926. Hakuna hesabu fupi ya kuligeuza hili kuwa lile. Thamani iliyochapishwa ikiwa haikusema wazi kwamba imetokana na cksum, basi cksum isitumike kuikagua. Ina faida moja tu kwa kazi yetu: safu yake ya pili hutaja idadi ya baiti ilizopokea, na tutakavyoona, idadi hiyo ni ushahidi wenye uzito.

Amri ya gzip ni njia ya kuzunguka, lakini naithamini kuliko watu wengi wanavyoithamini. Kila faili la gzip humalizika kwa baiti nane: nne za kwanza ni CRC-32 ya data kabla haijabanwa, na nne zinazofuata ni urefu wa data hiyo. Kwa hiyo kompyuta isiyo na Python wala PHP, mathalani seva ndogo iliyopunguzwa programu zote zisizo za lazima, bado inaweza kutoa jibu sahihi:

```
printf '%s' IEND | gzip -c | tail -c 8 | od -An -tx1
```

Jibu ni `82 60 42 ae 04 00 00 00`. Hapa msomaji asiishie kuona kwamba tarakimu ni tofauti na AE426082 akadhani amekosea. Faili la gzip huandika baiti ndogo kwanza, ilhali PNG huandika baiti kubwa kwanza, hivyo zile nne za mwanzo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, baiti kwa baiti: ae, 42, 60, 82. Kinachogeuzwa ni mpangilio wa baiti, si wa tarakimu mojamoja. Anayezigeuza tarakimu zote nane atapata EA240628, namba isiyo na maana yoyote. Urefu nao husomwa vivyo hivyo, na hapa ni 4, sawa na herufi zetu nne.

Urefu huo ndio unaoipa njia hii thamani. Tuseme mtu ametumia echo badala ya printf, kama wengi wetu tulivyozoea:

```
echo IEND | gzip -c | tail -c 8 | od -An -tx1
```

Sasa hutoka `ff a6 cf 31 05 00 00 00`, yaani CRC ni 31CFA6FF na urefu ni baiti 5. Amri ya echo imeongeza alama ya kushuka mstari, ambayo haionekani kwenye skrini lakini ni baiti kamili mbele ya hesabu. Kifaa kinachotoa namba ya uhakiki peke yake kingetuambia tu kwamba thamani hazilingani. Tarakimu ile 05 inatuambia kwa nini.

Python ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayefanya kazi hii zaidi ya mara moja, na sababu yangu kuu ni kwamba inakataa kukisia. Katika Python 3, zlib.crc32 haipokei maandishi. Inapokea baiti, na ukiipa maandishi inasimama na kutoa kosa. Wanaoanza huona usumbufu, lakini ukweli ni kwamba CRC haijui herufi, inajua baiti, na mtu asipotaja herufi zake zinageuzwaje kuwa baiti, hajalikamilisha swali lake. Msimbo wote ni huu:

```
import zlib
baiti = "IEND".encode("utf-8")
jibu = zlib.crc32(baiti)
print(len(baiti), format(jibu, "08x"))
print(jibu == int("AE426082", 16))
```

Mstari wa kwanza unaochapishwa ni `4 ae426082`, na wa pili ni `True`. Nimeomba urefu uchapishwe kwa sababu ileile iliyonifanya niisifu gzip. Alama ya `08x` pia ina kazi yake: hulazimisha tarakimu nane hata pale zinapoanza na sufuri. Maneno hello world yakiandikwa kwa herufi ndogo yana CRC-32 ya 0D4A1185, na programu inayochapisha heksadesimali bila kujaza sufuri itatoa d4a1185, tarakimu saba, na ulinganisho wa maandishi kwa maandishi utasema hazilingani ilhali ni namba moja. Kwa wastani, thamani moja katika kila 16 huanza na sufuri, kwa hiyo kosa hili hujificha katika majaribio machache na kujitokeza orodha inapokuwa ndefu. Dawa yake ni kulinganisha namba kwa namba, kama mstari wa mwisho wa msimbo unavyofanya, kwa sababu namba haina herufi kubwa wala ndogo na haipotezi sufuri ya mbele.

Kuna umbo jingine linalofaa kujulikana. Jibu la IEND kwa desimali ni 2923585666, lakini programu inayochukulia biti ya juu kuwa alama ya hasi itaandika -1371381630. Ni biti zilezile 32. Anayekuta thamani iliyochapishwa ikiwa hasi, aijumlishe na 4294967296, yaani mbili kwa kipeo cha 32, ndipo alinganishe.

PHP haihitaji maneno mengi, ila ina mtego mmoja wa jina ambao lazima utajwe. Kazi ya hash ukiipa jina `crc32` hutoa kanuni inayotumika katika bzip2, tena baiti zake zikiwa zimepangwa kinyume. Ukiipa `crc32b` ndipo hutoa kanuni ya zip na PNG. Mtu akisoma majina hayo bila kujua, atachagua la kwanza, kwa kuwa ndilo linalofanana na anachokitafuta. Kazi nyingine inayoitwa `crc32()` hutoa kanuni sahihi lakini kama namba ya desimali, ambayo huhitaji `sprintf('%08x', ...)`. Tangu toleo la 7.4 kuna pia `crc32c`, nayo ni kanuni tofauti kabisa yenye polinomia ya Castagnoli, inayotumika katika mifumo ya faili kama ext4 na Btrfs. Jibu lake kwa 123456789 ni E3069283. Anayekagua thamani iliyotoka katika mifumo hiyo asiitafute kwa zlib ya Python, kwa sababu hataipata.

Kuhusu programu zenye madirisha, kama vile 7-Zip kwenye Windows, neno langu ni fupi. Hutumia kanuni sahihi, lakini hukagua faili tu, na mfuatano wa herufi ukishahifadhiwa katika faili huenda umeongezewa vitu. Wahariri kama nano na vi huweka alama ya kushuka mstari mwishoni, na baadhi ya wahariri wa Windows huweka baiti tatu za EF BB BF mwanzoni mwa maandishi ya UTF-8. Ukubwa wa faili ukiwa hauwiani na idadi ya herufi ulizoandika, simama hapo kwanza.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kuutanguliza urefu. Nilipewa na mwenzangu orodha ya maneno ya Kiswahili, kila neno likiwa na CRC-32 yake pembeni, ili nihakikishe kwamba maneno hayakuharibika yalipohamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Nilikokotoa upya kwa Python. Maneno kama nyumba, mlango na kisima yalilingana, na kwa hilo nikajua kwamba kanuni ni ileile na kwamba hakuna alama ya kushuka mstari iliyojipenyeza, kwa sababu mojawapo ya makosa hayo lingeangusha maneno yote bila kubagua. Hata hivyo maneno machache yalikataa, nami nikaanza kuyatazama: ng'ombe, ng'ambo, king'amuzi. Yote yalikuwa na king'ong'o chenye kibainishi.

Kwa macho, ng'ombe ya orodha yangu na ng'ombe ya mwenzangu yalikuwa neno moja. Nilipochapisha urefu, la kwangu lilikuwa na baiti 9 na la kwake, kwa mujibu wa jedwali alilolikokotolea, lilikuwa na baiti 7. Herufi sita na kibainishi kilichonyooka ni baiti 7, kwa sababu kibainishi hicho ni baiti moja, 27. Programu ya kuandikia niliyopitishia orodha yangu ilikuwa imekigeuza kuwa kibainishi kilichopinda, ambacho katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Kwa hiyo neno lilikuwa limebadilika kweli, na CRC ilisema kweli. Aliyekosea ni mimi niliyedhani kwamba maandishi yanayofanana machoni ni maandishi yaleyale. Kwa anayeandika Kiswahili, hili si jambo la kukutana nalo mara moja maishani. Kibainishi cha ng' kipo katika maneno mengi, na programu za kuandikia hukipinda bila kuuliza.

Kisa hicho kinaonyesha pia namna ya kusoma mafanikio na maanguko kwa pamoja. Thamani zote zikikataa, shuku kanuni yenyewe au kitu kilichoongezwa kwenye kila ujumbe. Zikikataa chache, tafuta kinachoziunganisha hizo chache: kibainishi, herufi zenye alama, au sufuri ya mbele. Na kama mfuatano wenye herufi za kawaida tu umetoa urefu mara mbili ya ulivyotarajia, maandishi yamesimbwa kwa UTF-16, ambapo IEND huwa baiti nane badala ya nne.

Alama za mwisho wa mstari zinastahili mfano mmoja zaidi, kwa sababu Windows na Linux huziandika tofauti. Ujumbe wa majaribio 123456789 ukifuatwa na alama moja ya Linux hutoa E0117757. Ukifuatwa na jozi ya Windows hutoa 88794574. Itazame vizuri thamani hiyo ya pili: haina herufi hata moja, na mtu akiikuta imechapishwa peke yake hawezi kujua kwa kuitazama kama ni heksadesimali au desimali. Ndiyo maana thamani inayochapishwa ingefaa iandikwe na alama ya 0x mbele, na anayeipokea bila alama hiyo ajaribu tafsiri zote mbili kabla ya kuitangaza kuwa imekataa.

Sasa uchaguzi. Kwa mfuatano mmoja, kwenye mashine usiyoweza kuiongezea programu, tumia gzip na usome baiti kinyumenyume. Kwa orodha, au kwa maandishi yenye lolote nje ya herufi za kawaida za Kiingereza, tumia Python, kwa kuwa hapo usimbaji hutajwa waziwazi na ulinganisho hufanywa na mashine badala ya macho. PHP itumike pale ambapo thamani nyingine pia hukokotolewa na PHP, na daima kwa jina la `crc32b`. Amri ya cksum ibaki kwa thamani zilizotokana nayo yenyewe. Kwa njia yoyote ile isipokuwa cksum, hatua ya kwanza iwe kupitisha 123456789 na kusubiri CBF43926. Ikija nyingine, hakuna sababu ya kuendelea na mfuatano wako mpaka kanuni sahihi ipatikane.

Kuna hali moja ambayo hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kinachofaa. CRC-32 iliundwa kugundua makosa ya bahati mbaya, na hilo hulifanya kwa uhakika: mharibiko wowote ulio ndani ya mfululizo wa biti 32 hugunduliwa bila kukosa. Haikuundwa kumzuia mtu. Anayetaka kubadilisha ujumbe kwa makusudi anaweza kuongeza baiti nne alizozikokotoa ili CRC irudi kuwa ileile, na hesabu ya kuzipata hizo nne haihitaji kompyuta yenye nguvu. Tena thamani zote zinazowezekana ni 4294967296 tu, hivyo katika mkusanyiko wa mifuatano ipatayo 77,000 uwezekano wa kwamba miwili tofauti inashiriki CRC moja hufikia nusu kwa nusu. Kwa hiyo thamani iliyochapishwa ikiwa imekusudiwa kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyegusa ujumbe, mwombe aliyeichapisha atoe SHA-256 badala yake, na umtake ataje katika mstari uleule usimbaji alioutumia na idadi ya baiti.